Milioni 13 leo au laki 5 kila mwezi: kinachoamua ni kiwango

Mgogoro wa kazi unapofikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, hatua ya kwanza si kesi. Ni usuluhishi. Sheria inampa msuluhishi siku 30 za kuwakutanisha mwajiri na mfanyakazi, na ni katika siku hizo ofa huwekwa mezani. Mara nyingi ofa huja na milango miwili: chukua kiasi kidogo leo mambo yaishe, au chukua kiasi kikubwa kidogo kidogo kila mwezi. Mfanyakazi hutakiwa kuchagua akiwa amechoka, nauli imemwishia na ada za watoto zinamsubiri nyumbani.

Kinachonisumbua ni hiki: katika karatasi za ofa hizo kila kitu huandikwa isipokuwa tarakimu moja, nayo ndiyo inayoamua mlango upi ni bora. Tarakimu hiyo ni kiwango cha punguzo, yaani asilimia tunayotumia kuishusha fedha ya kesho ili ilingane na fedha ya leo. Isipoandikwa haina maana kwamba haipo. Ipo ndani ya ofa yenyewe, imechaguliwa na aliyeiandaa, na anayesaini anaikubali bila kuiona.

Tuchukue mfano niliouunda kwa ajili ya makala haya, wa aina inayoweza kutokea katika kiwanda chochote cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Fundi wa mitambo ya kugandishia samaki ameachishwa kazi baada ya utumishi wa miaka mingi. Mishahara iliyolimbikizwa, likizo, notisi na kiinua mgongo vimepigiwa hesabu, na pande zote mbili zimekubaliana kwamba jumla ni shilingi 18,000,000. Mwajiri anasema fedha taslimu hana. Anatoa njia mbili. Ya kwanza ni shilingi 13,000,000 kwa mkupuo wiki hii, na madai yote yafungwe. Ya pili ni shilingi 500,000 kila mwisho wa mwezi kwa miezi 36, mpaka zitimie zote 18,000,000.

Hesabu inayofanywa na wengi ni ya kutoa tu: 18 toa 13, tofauti ni milioni 5. Anayeifanya huona mkupuo ni kuporwa na awamu ni haki kamili. Hesabu hiyo ina kosa moja kubwa. Inaihesabu laki 5 ya mwezi wa 36 kana kwamba ni laki 5 ya mwezi huu. Hakuna mfanyabiashara wa dagaa pale mwaloni Kirumba atakayekukabidhi gunia leo ulilipe bei ileile baada ya miaka mitatu. Anajua kwamba fedha ikiwa mkononi mwake ingezunguka mara nyingi katika muda huo, na kwamba wewe mwenyewe unaweza usionekane tena.

Njia sahihi ni kuuliza swali hili kwa kila awamu: ningehitaji kuweka kiasi gani leo, mahali ninapopajua, ili tarehe ya awamu ile ikifika kiwe kimekua na kufika laki 5? Tuseme mahali hapo panatoa asilimia 1 kwa mwezi, ambayo ni kama asilimia 12 kwa mwaka. Kwa awamu ya kwanza unagawa 500,000 kwa 1.01, unapata shilingi 495,050. Kwa awamu ya pili unagawa kwa 1.01 mara mbili. Ukifika mwezi wa 12 utakuwa umegawa mara 12, na laki 5 ile thamani yake ya leo ni kama shilingi 443,700. Awamu ya mwisho, ya mwezi wa 36, imeshuka hadi kama shilingi 349,500. Ukizijumlisha zote 36 unapata shilingi 15,053,753. Hiyo ndiyo thamani ya sasa ya ile ofa ya milioni 18, kwa mtu ambaye kiwango chake ni asilimia 1 kwa mwezi.

Asiyetaka kugawa mara 36 anaweza kuandika mstari mmoja katika programu ya majedwali, hata kwa simu:

```
=PV(0.01,36,-500000)
```

Jibu litakuwa lilelile. Hesabu hii inadhani awamu ya kwanza inalipwa mwisho wa mwezi wa kwanza. Kama mwajiri anaanza kulipa siku ya kusaini, zidisha jibu kwa 1.01, maana kila awamu inalipwa mwezi mmoja mapema zaidi.

Kabla hatujalinganisha na milioni 13, tusimame kidogo kwenye milioni 15.05. Deni lililokubaliwa lilikuwa milioni 18, nalo linadaiwa leo. Mwajiri anayesema "nitakulipa zote, ila kwa awamu" hajalipa zote. Kwa kiwango cha asilimia 1 kwa mwezi amekata karibu milioni 3 kwa kutoongeza riba yoyote. Ili miezi 36 iwe kweli na thamani ya milioni 18 za leo, awamu ingepaswa kuwa kama shilingi 598,000, si 500,000. Nasisitiza jambo hili kwa sababu katika mazungumzo mkupuo huitwa punguzo na awamu huitwa malipo kamili. Zote mbili ni punguzo. Kinachobaki ni kujua lipi limekata zaidi kwa mtu huyu mahususi.

Jibu hubadilika kadiri kiwango kinavyobadilika. Awamu zilezile 36 za laki 5 zina thamani hii leo:

kwa asilimia 1 kwa mwezi, milioni 15.05;
kwa asilimia 1.5 kwa mwezi, milioni 13.83;
kwa asilimia 2 kwa mwezi, milioni 12.74;
kwa asilimia 3 kwa mwezi, milioni 10.92;
kwa asilimia 10 kwa mwezi, milioni 4.84.

Kati ya 1.5 na 2 kuna mahali ambapo awamu na mkupuo vinalingana kabisa. Mahali hapo hupatikana kwa kuandika `=RATE(36,-500000,13000000)`, na jibu ni karibu asilimia 1.88 kwa mwezi. Riba ikijizalisha juu ya riba mwaka mzima, hiyo ni kama asilimia 25 kwa mwaka. Hiki ndicho kiwango kilichojificha ndani ya ofa. Ukichukua milioni 13 badala ya awamu, ni sawasawa na kukopa milioni 13 kwa asilimia 25 kwa mwaka na kuzirejesha kwa laki 5 kila mwezi. Swali la fundi wetu linakuwa jepesi kulielewa: je, mimi ni mtu wa kukopa kwa bei hiyo?

Kupata jibu kunahitaji kila mtu achague kiwango chake, na hapa ndipo makosa huzaliwa. Wapo wanaokimbilia riba ya Benki Kuu, ile iliyoanza kutangazwa Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5. Hiyo ni riba ya kuongoza mabenki, si bei ya fedha ya fundi wa Ilemela. Wengine hutumia mfumuko wa bei peke yake. Mwaka 2024 mfumuko wa bei nchini ulikuwa karibu asilimia 3, na anayeutumia kama kiwango chake anasema kwamba fedha ikiwa mkononi mwake haiwezi kufanya lolote zaidi ya kulinda bei ya unga. Wengine hukosea upande wa pili: wanachukua riba ya soko kisha wanaongeza mfumuko juu yake. Riba ya soko tayari imeshaubeba mfumuko, kwa hiyo wanauhesabu mara mbili.

Kiwango chako ni kile ambacho fedha ya leo ingekufanyia kweli, katika maisha yako, baada ya kuondoa gharama na hatari. Kwa mtu asiye na deni na asiye na biashara, kipimo kizuri ni mahali salama anapoweza kweli kuweka fedha. Serikali imewahi kuuza hati fungani za miaka 20 zenye riba ya asilimia 15.49 kwa mwaka, na amana za muda maalumu katika mabenki hutoa chini ya hapo. Mtu huyo akitumia asilimia 1 kwa mwezi hajakosea sana. Kwake awamu zina thamani ya milioni 15.05, na ofa ya milioni 13 ni ndogo kwa zaidi ya milioni 2.

Kwa mfanyabiashara mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu faida ya biashara hudanganya. Utasikia mtu akisema, "Nikipata milioni 13 nanunua injini na taa, naingia kwenye dagaa, narudisha asilimia 5 kila mwezi." Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hukaa ufukoni. Kwa hiyo mwezi wa mvuvi si siku 30. Injini huharibika, nyavu huibwa, na yeye mwenyewe anafanya kazi ambayo angemlipa mtu mwingine kuifanya. Sehemu kubwa ya hiyo asilimia 5 ni mshahara wake, si kazi ya fedha. Atoe kwanza mshahara wake, matengenezo na miezi mibaya, halafu kinachobaki ndicho akiite kiwango. Kama kinachobaki ni zaidi ya asilimia 1.88, mkupuo unamfaa. Kikiwa chini, avumilie awamu.

Wa tatu ni mwenye deni, na huyu ndiye ninayemfikiria zaidi. Mikopo ya mitaani ambayo watu wameipa jina la kausha damu hutoza hata asilimia 10 kwa mwezi au zaidi. Mwenye mkopo wa namna hiyo ana kiwango kinachojulikana wazi: kila shilingi anayoilipa leo inamwokolea senti 10 kila mwezi. Ukitazama mstari wa mwisho wa orodha yetu, kwa kiwango hicho awamu zote zina thamani ya milioni 4.84 tu. Kwa haraka ungesema achukue milioni 13 bila kufikiri.

Lakini hapo kuna jambo ambalo hesabu ya jumla hulificha. Fundi wetu hadaiwi milioni 13. Tuseme anadaiwa milioni 3. Asilimia 10 ni kiwango cha milioni 3 za kwanza peke yake. Deni likishalipwa, milioni 10 zinazobaki hazina tena kazi ya asilimia 10 ya kufanya, zinarudi kwenye asilimia 1 kama za mtu mwingine yeyote. Akichukua awamu tupu na kupeleka laki 5 yote kwa mkopeshaji, mwezi wa kwanza laki 3 zinamezwa na riba, na itamchukua karibu miezi 10 kumaliza, akiwa amelipa takribani milioni 4.8 kwa deni la milioni 3. Hiyo ni hasara. Akichukua mkupuo wote, anaachia milioni 10 kwa bei mbaya ili kuokoa milioni 3. Hiyo nayo ni hasara.

Linalomfaa ni ombi la tatu ambalo mara nyingi halimo katika karatasi: kiasi cha kufuta deni leo, na kilichobaki kwa awamu. Kwa kipimo cha mwajiri mwenyewe ombi hilo halimwongezei gharama. Amekwisha kusema kwamba milioni 13 za leo ni sawa na laki 5 kwa miezi 36. Basi milioni 10 za leo, kwa kipimo hichohicho, ni sawa na 10 ya 13 ya awamu hiyo, yaani kama shilingi 384,600 kwa mwezi. Mwombe milioni 3 sasa na 384,600 kila mwezi kwa miezi 36. Kwa fundi, akiwa ameshafuta deni na kurudi kwenye asilimia 1, jumla ya thamani ya leo ni kama milioni 14.58. Ni zaidi ya mkupuo kwa milioni moja na nusu, wala hakuna aliyelazimika kuwa mkarimu.

Yote haya yanadhani kwamba awamu zitalipwa. Ukanda wa ziwa una sababu zake za kulitilia shaka hilo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya hofu ya sumu iliyokuwa ikitumika kuvulia, na viwanda vilivyotegemea soko hilo vilijikuta na minofu isiyo na mnunuzi. Aliyekuwa ameahidiwa awamu na kiwanda cha aina hiyo hakuwa na tatizo la nia ya mwajiri, alikuwa na tatizo la sangara. Kwa hiyo mwenye kupima awamu lazima apime pia uhai wa anayelipa.

Hili nalo linahesabika bila uchawi. Jiulize: katika kila miezi 100 ya kampuni kama hii, ni mingapi ambayo malipo yangekoma na yasirudi tena? Ukisema nusu mwezi kati ya 100, basi kwa kiwango chako cha asilimia 1 ni kana kwamba unapunguza kwa asilimia 1.5, na thamani ya awamu inashuka hadi kama milioni 13.8. Bado zinaushinda mkupuo. Ukisema mwezi mmoja kati ya 100, punguzo linafika karibu asilimia 2, na thamani inakuwa kama milioni 12.7. Sasa mkupuo umeshinda. Hatari ya mwezi mmoja kati ya 100 inasikika ndogo, lakini ikirudiwa mara 36 ina maana kwamba uwezekano wa kufika awamu ya mwisho salama ni kama 70 kati ya 100 tu. Hivyo swali zima la fundi wetu asiye na deni linasimama hapa: je, nina imani zaidi ya kama 73 kati ya 100, mahali ambapo awamu na mkupuo vinalingana, kwamba kiwanda hiki kitakuwa kikilipa miaka mitatu ijayo? Swali hilo anaweza kulijibu yeye kuliko mwanasheria yeyote, kwa sababu anajua majokofu mangapi yanafanya kazi, malori mangapi ya samaki huingia kwa wiki, na kama wenzake waliobaki wanalipwa mshahara kwa wakati.

Nashauri hatari ihesabiwe peke yake hivi, isifichwe kwa kupandisha kiwango kwa kukisia. Sababu ni kwamba hatari inaweza kupunguzwa kwa maandishi, ilhali thamani ya muda haiwezi. Kifungu kinachosema kwamba awamu moja ikichelewa kwa siku kadhaa deni lote lililobaki linadaiwa mara moja kina thamani ya fedha. Dhamana ya benki ina thamani kubwa zaidi. Makubaliano yaliyosainiwa mbele ya msuluhishi yanaweza kutekelezwa kama hukumu, lakini utekelezaji nao unachukua muda, na muda tumeona una bei. Katika mashauri ya madai mahakamani, kanuni ya 21 ya Amri ya XX ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaweka riba ya asilimia 7 kwa mwaka juu ya deni la hukumu, au kiwango kingine kisichozidi asilimia 12 kama wahusika wamekubaliana kwa maandishi. Kama kiwango chako halisi ni asilimia 12 na anayekudai uvumilivu anatozwa 7, kila mwezi anaochelewa anapata nafuu kwa gharama yako. Ndiyo maana riba ya kuchelewesha iandikwe siku ya makubaliano, wakati bado mwajiri anahitaji saini yako.

Watanzania si wageni wa ubishi wa mkupuo dhidi ya malipo ya mwezi. Kikokotoo cha pensheni kimetushughulisha kwa miaka. Kanuni za 2018 zilipopunguza mkupuo wa watumishi wa umma waliokuwa wakipata nusu ya pensheni yao hadi robo, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli alizisimamisha na kuagiza fomula za zamani ziendelee hadi 2023. Julai 2022 kikaja kikokotoo kipya chenye mkupuo wa asilimia 33, na bajeti iliyosomwa Juni 2024 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa kundi lile lililozoea 50, na 35 kwa lililozoea 25.

Katika mjadala wote huo tulibishana kuhusu asilimia za mgawanyo, lakini tarakimu nyingine ikapita kimya: 12.5. Katika kikokotoo kipya, kila shilingi moja ya pensheni ya mwaka unayoiacha unalipwa shilingi 12.5 za mkupuo. Hiyo ni sawa na pensheni ya miezi 150. Fomula ya zamani ya watumishi wa umma ilizidisha kwa 15.5, yaani miezi 186. Nani alisema katika mjadala kwamba 12.5 ni kiwango cha punguzo kilichovaa nguo nyingine? Mtu anayestaafu na miaka 60 akaishi hadi 80 angelipwa miezi 240. Kiwango kinachoifanya miezi 240 ilingane na 150 za leo, kama pensheni haiongezwi, ni karibu asilimia 5 kwa mwaka. Kwa mstaafu ambaye kiwango chake ni asilimia 12, miezi hiyo 240 ina thamani ya miezi 91 hivi. Anapewa 150 kwa kitu ambacho kwake ni 91.

Kwa hesabu hiyo, mwalimu wa Sengerema au muuguzi wa Bugando aliyelilia mkupuo mkubwa hakuwa na tamaa ya kupita kiasi. Alikuwa akiona kwa macho kitu ambacho tarakimu zinakithibitisha. Upande wa pili nao una haki yake: pensheni ya mwezi haiishi mtu akifika miaka 90, haikopwi na ndugu, na inaweza kuongezwa siku zijazo. Lakini mjadala ungekuwa wa uaminifu zaidi kama Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma na vyama vya wafanyakazi wangeanza kwa kusema: kiwango tulichotumia ni hiki, na umri tuliokadiria ni huu. Watu wangebishana juu ya mambo hayo mawili badala ya kubishana juu ya nia za wenzao.

Kuna mipaka ambayo hesabu hii haivuki, na ni vema isemwe. Haisemi kama milioni 18 ndizo haki ya fundi tangu mwanzo. Kama madai yake halisi yalikuwa milioni 30, kulinganisha milango miwili ya milioni 18 ni kupima vizuri kitu kibaya. Haisemi pia kama mtu atazitunza fedha. Anayejua kwamba milioni 13 zitapita mikononi mwa ukoo mzima kabla ya mwezi kwisha ana sababu njema ya kuchagua awamu hata kiwango chake kikiwa kikubwa. Na tarakimu zote mbili zipimwe katika hali moja: kama mkupuo umetajwa kabla ya makato ya kodi na awamu baada ya makato, ulinganisho wote umeharibika kabla haujaanza.

Ninachodai ni kidogo na kinawezekana. Kila msuluhishi wa CMA anayepokea makubaliano yenye mkupuo na awamu azitake pande zote ziandike mistari mitatu kabla ya kusaini. Wa kwanza: kiwango kwa mwezi ambacho kinafanya ofa mbili zilingane. Wa pili: thamani ya awamu kwa asilimia 1, 2 na 3 kwa mwezi. Wa tatu: kitakachotokea awamu ikikosekana, pamoja na riba yake. Mistari hiyo inatoshea chini ya ukurasa na inahitaji dakika chache za simu ya kawaida. Chama cha wafanyakazi kinachomsindikiza mwanachama wake kisikubali karatasi isiyo nayo, na mwajiri mwenye ofa ya haki hana sababu ya kuikataa, kwa sababu hatakuwa na kitu cha kuficha ndani yake.

Asiye na chama wala mwanasheria anaweza kuuliza mwenyewe, kwa adabu na bila haraka: "Mheshimiwa, hizi milioni 13 mmezipata kwa kiwango gani?" Kama mwajiri anakijua, mazungumzo yataanza upya kwenye jambo lenyewe. Kama hakijui, basi ofa hiyo bado haijaiva kusainiwa, na zile siku 30 za usuluhishi zipo kwa ajili ya kazi hiyo hasa.